Kuchapisha Idadi ya Wagonjwa Bila Kumfichua Yeyote: Mwongozo kwa Watunza Takwimu wa Butembo na Beni

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayeshika daftari au faili la Excel lenye orodha ya watu, na unayetakiwa kutoa jedwali lisomwe redioni, libandikwe ukutani au litumwe kwa wafadhili. Huenda uko katika ofisi kuu ya zoni ya afya, hospitalini, au katika shirika dogo la kuwasaidia walionusurika Ebola. Utajifunza njia inayoitwa faragha tofautishi: unaongeza au kupunguza kiasi kidogo cha bahati nasibu, kilichopimwa na kiitwacho kelele, katika kila idadi kabla ya kuichapisha. Jedwali linabaki na maana, lakini mtu mmoja hawezi kutambuliwa kupitia jedwali hilo.

Kwa nini kufuta majina hakutoshi

Mlipuko wa 10 wa Ebola nchini Kongo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ukianzia Mangina, karibu na Beni, na ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Uliwapata watu 3,470, na 2,287 kati yao walifariki. Wakati wa mlipuko huo Wizara ya Afya ilikuwa ikitoa taarifa ya kila siku ikionyesha wagonjwa wapya kwa kila zoni ya afya: Katwa wangapi, Butembo wangapi, Beni wangapi. Waliofariki nyumbani walihesabiwa mbali na waliofariki katika vituo vya matibabu. Majina hayakutajwa.

Sasa jiweke katika nafasi ya jirani. Jana mtaani kwako kulikuwa na wagonjwa 4, leo wako 5, na jana hiyo hiyo uliona gari la wagonjwa likisimama mbele ya nyumba moja tu. Kutoa 4 kwenye 5 kumekupa jibu ambalo daktari ameapa kutolisema. Taarifa inayotolewa kila siku, kwa eneo dogo, huku safu zikitenganisha umri, jinsia na kazi, inamfanyia jirani hesabu yote. Huko Katwa na Butembo, ambako vituo vya matibabu vilishambuliwa Februari 2019 na familia nyingi zikaogopa kutengwa, jibu la namna hiyo lingeweza kumfanya mtu apoteze wateja sokoni au akimbie nyumba yake.

Kuondoa jina hakumzuii jirani huyo, kwa sababu jina analo tayari. Alichokosa ni uhakika, na uhakika huo ndio unaotolewa na tofauti kati ya majedwali mawili.

Ahadi ya njia hii, na bei yake

Mwaka 2006 watafiti wanne, Cynthia Dwork, Frank McSherry, Kobbi Nissim na Adam Smith, walitoa kanuni ya kupima ulinzi huu. Kanuni yenyewe ni hii: jedwali litakalochapishwa liwe karibu sawa, iwe Mama fulani yumo katika orodha au hayumo. "Karibu sawa" hupimwa kwa namba iitwayo epsiloni. Epsiloni ikiwa ndogo, ulinzi ni mkubwa na kelele ni nyingi. Ikiwa kubwa, idadi zinakaribia ukweli na ulinzi unapungua. Marekani ilitumia njia hii kuchapisha matokeo ya sensa yake ya mwaka 2020.

Chukua jirani ambaye kabla ya kusoma jedwali anafikiri nusu kwa nusu kwamba Mama fulani amehesabiwa. Hata kama anawajua wagonjwa wengine wote, jedwali haliwezi kuipandisha imani yake kupita kiwango hiki:

| Epsiloni | Imani ya jirani inaweza kupanda hadi | Kelele kwa kawaida haizidi |
|---|---|---|
| 0.1 | 52.5% | 30 juu au chini |
| 0.5 | 62% | 6 juu au chini |
| 1 | 73% | 3 juu au chini |
| 2 | 88% | 1 juu au chini |

"Kwa kawaida" hapa maana yake ni takriban mara 95 kati ya 100 au zaidi. Soma jedwali hili pamoja na wakuu wako kabla ya kugusa kompyuta. Kuchagua mstari mmoja ni kuamua ni hatari kiasi gani mgonjwa abebe na ni makosa kiasi gani msomaji avumilie, na uamuzi huo si wa fundi wa takwimu peke yake.

> SANDUKU: Usitumie kelele hapa
> - Katika orodha ya kazi ya wanaofuatilia waliokutana na mgonjwa. Wao wanahitaji jina, mtaa na idadi kamili.
> - Katika taarifa ya siri kwa daktari mkuu wa zoni, au katika kutangaza mlipuko.
> - Katika hesabu ya dawa na chanjo ghalani.
> Kelele ni ya karatasi inayotoka nje ya ofisi. Faili kamili linabaki ndani, kwa nywila na kwa watu wachache.

Hatua ya 1: Amua nani ni "mmoja", na anahesabiwa mara ngapi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kiasi cha kelele hutegemea mtu mmoja anaweza kubadilisha jedwali kwa kiasi gani. Mtu akiandikwa kama mshukiwa wiki ya kwanza, kama aliyethibitishwa wiki ya pili na kama marehemu wiki ya tatu, ameacha alama katika idadi 3. Ukiweka kelele inayomtosha mtu aliyehesabiwa mara moja, ulinzi uliomwahidi umepungua mara tatu.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kugawanya epsiloni kwa 3, yaani 0.5 inakuwa kama 0.17 kwa kila safu, na kelele inapanda mara tatu. Ya pili, ambayo ni nafuu zaidi, ni kumweka kila mtu katika kapu moja tu. Chagua tukio moja, kwa mfano tarehe ya kuthibitishwa, na chagua mahali pamoja, kwa mfano eneo la afya alikokuwa akiishi alipoanza kuugua. Mtu akihama kutoka Beni kwenda Butembo akiwa mgonjwa, anabaki kuhesabiwa Beni.

Faida ya kapu moja ni kubwa. Ukichapisha wagonjwa *wapya* wa kila wiki, kila mtu yumo katika wiki moja na eneo moja, kwa hiyo epsiloni ya 0.5 inabaki 0.5 hata ukichapisha mwaka mzima. Ukichapisha *jumla tangu mwanzo* kila wiki kwa kelele mpya, mtu aliyeugua wiki ya kwanza amehesabiwa tena katika kila jedwali, na epsiloni zake zinajumlishwa. Baada ya majedwali 4 ya 0.5 amefika 2, na jirani wa nusu kwa nusu anaweza kufika 88%. Anayetaka jumla ajumlishe mwenyewe zile idadi za wiki zenye kelele.

Hatua ya 2: Chora jedwali kabla ya kuangalia idadi

Andika safu na mistari utakayochapisha, kisha kadiria kila chumba cha jedwali kitakuwa na watu wangapi. Kwa epsiloni ya 0.5 kelele inafika 6 juu au chini. Chumba chenye watu chini ya 20 hivi kitakuwa na kosa kubwa mno kulinganisha na idadi iliyomo. Vyumba vingi vikiwa hivyo, jedwali lako limekatwa vipande vidogo mno. Badala ya wiki tumia mwezi. Badala ya eneo la afya tumia zoni nzima. Ondoa umri au jinsia.

Fanya hivyo kabla ya kuziona idadi halisi. Ukiunganisha maeneo mawili kwa sababu umeona moja lina mgonjwa mmoja, uamuzi wako wenyewe umeshasema kitu kuhusu mgonjwa huyo.

Hatua ya 3: Chota kelele

Kelele inayofaa kwa idadi ya watu ni namba kamili: mara nyingi ni 0, 1 au 2, mara chache ni kubwa, na inaweza kuwa juu au chini kwa nafasi sawa. Kama una Python, mistari hii inatosha:

```python
import math, secrets
bahati = secrets.SystemRandom()

def nusu(eps):
    return math.floor(-math.log(1 - bahati.random()) / eps)

def kelele(eps):
    return nusu(eps) - nusu(eps)
```

Kwa kila chumba andika `kelele(0.5)` na ujumlishe jibu na idadi halisi. Kama una Excel ya Kifaransa tu, na unataka kujifunza kwa data ya majaribio, weka hii:

```
=ENT(-LN(1-ALEA())/0,5)-ENT(-LN(1-ALEA())/0,5)
```

Tahadhari mbili kuhusu Excel. Kwanza, bahati nasibu yake haikutengenezwa kwa ajili ya siri. Kwa orodha ya wagonjwa halisi tumia Python. Pili, `ALEA()` huchota upya kila unapobadilisha chumba chochote au kufungua faili. Ukimtumia faili hilo mwandishi wa habari, atabonyeza F9 mara 200, atachukua wastani, kelele itafutika na idadi halisi itabaki. Kwa hiyo, ukishachota, nakili na ubandike kwa `Collage spécial`, kisha `Valeurs`, na faili lenye fomula lisitoke ofisini.

Hatua ya 4: Tengeneza jedwali la kuchapisha

Tuchukue zoni ya kubuni yenye maeneo manne ya afya, A hadi D, kwa wiki moja, na epsiloni ya 0.5.

| Eneo | Halisi | Kelele | Jibu |
|---|---|---|---|
| A | 0 | +2 | 2 |
| B | 1 | −3 | −2 |
| C | 4 | +1 | 5 |
| D | 23 | −4 | 19 |

Eneo B limetoa −2, na hakuna wagonjwa hasi. Katika karatasi ya ukutani unaweza kuandika 0. Hilo halipunguzi ulinzi, kwa sababu hujagusa tena orodha halisi. Lakini katika faili la wachambuzi acha −2 ilivyo. Ukigeuza kila hasi kuwa sifuri, unatupa makosa ya chini na kubakiza ya juu, na jumla za miezi mingi zitavimba. Hapa jumla ya majibu ni 24, ilhali ukiandika 0 badala ya −2 inakuwa 26.

Tazama sasa msomaji anapata nini. Kuhusu D anajua kwamba kuna wagonjwa kati ya 13 na 25 hivi, na hiyo inatosha kupeleka vitanda. Kuhusu A na B hajui kama kuna mtu hata mmoja, na hivyo ndivyo ulivyokusudia. Jirani wa B aliyemwona mtu akipelekwa kwa gari hapati uthibitisho wowote katika karatasi yako. Kwa mpangaji wa huduma, hata hivyo, mistari ya A, B na C haina kazi. Zoni kama hii ingefaa jedwali la mwezi.

Usiandike chini ya jedwali "jumla ya zoni: 28". Idadi hiyo kamili, ikiwekwa kando ya vyumba vyenye kelele, ni mlango wa nyuma: wiki moja ikisema 28 na jedwali lililosahihishwa likisema 29, jirani amerudi kwenye hesabu yake ya kutoa. Kama jumla lazima iwe sahihi zaidi, igawie sehemu ya epsiloni, kwa mfano 0.25 kwa jumla na 0.25 kwa vyumba.

Hatua ya 5: Funga hesabu ya matumizi

Kuwa na daftari moja lenye safu nne: tarehe, jedwali, epsiloni iliyotumika, watu waliohesabiwa. Kila jedwali jipya kuhusu watu wale wale linaongezwa. Mfadhili akiomba mgawanyo kwa jinsia na redio ikaomba mgawanyo kwa umri, hayo ni matumizi mawili juu ya watu wale wale. Weka kikomo cha mwaka, kwa mfano 1, na kikifika sema hapana. Ofisi mbili zikichapisha kutoka orodha moja, zishiriki daftari moja.

Makosa yanayotokea mara nyingi

1. *Kusahihisha kwa kutoa moja.* Maabara imesema mgonjwa wa eneo C hakuwa na Ebola. Ukibadilisha 5 kuwa 4 kwenye jedwali lililotoka, umesema wazi kwamba mtu mmoja ameondolewa, na mtaa unamjua aliyerudi nyumbani. Kusanya masahihisho, uchapishe kipindi kizima upya kwa kelele mpya, na uandike matumizi hayo daftarini.
2. *Kuchota tena kwa sababu jibu halikupendeza.* Ukikataa kelele kubwa, kelele iliyobaki si ile uliyoahidi. Jibu la kwanza ndilo jibu.
3. *Kuhifadhi safu ya kelele.* Mwenye kelele na jedwali ana idadi halisi. Ifute.
4. *Kuongeza maelezo ya maneno.* Jedwali lenye kelele likifuatana na sentensi "mmoja wao ni muuguzi", kazi yote imepotea.

Mahali njia hii inapofika mwisho

Kikomo cha kwanza ni familia. Ebola hupita kwa anayemhudumia mgonjwa na anayeosha maiti, kwa hiyo huingia nyumba nzima. Epsiloni ya 0.5 ni ya mtu mmoja. Kwa kaya ya watu 5 waliougua inakuwa 2.5, na jirani wa nusu kwa nusu anaweza kufika 92% kwamba nyumba ile imeguswa. Ukigawanya kwa 5, kila mtu anapata 0.1 na kelele inafika 30, kiasi kinachofaa jumla za zoni kwa miezi tu. Njia bora mara nyingi ni kubadilisha kinachohesabiwa: chapisha *kaya zilizoguswa*, kila kaya mara moja, katika wiki mgonjwa wake wa kwanza alipothibitishwa. Hapo "mmoja" ni kaya, na 0.5 inailinda nyumba nzima.

Kikomo cha pili ni udogo wa mlipuko. Mlipuko wa Beni uliotangazwa Oktoba 2021 ulikuwa na wagonjwa 11, na ule wa Agosti 2022, uliotokea Beni pia, ulikuwa na mgonjwa mmoja tu. Kutangaza mlipuko ni wajibu, na tangazo lenyewe linasema kwamba mtu yupo. Hakuna kelele inayoweza kuficha hilo. Katika hali hiyo ulinzi ni kunyamaza: taja zoni, usitaje umri, mtaa, kazi wala kituo cha kwanza alichopita.

Kikomo cha tatu ni kwamba eneo lenyewe halifichwi. Jedwali likionyesha D iko kati ya 13 na 25, wakazi wote wa D wanaweza kukwepwa sokoni, hata wasiougua. Ulinzi huu ni wa mtu, si wa mtaa.

Kuwaeleza watu wasioamini takwimu

Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura za Beni na Butembo, ikitaja Ebola kama sababu mojawapo, wakati sehemu nyingine za nchi zilipiga kura siku nne baadaye. Wengi walisema idadi za wagonjwa zinatumika kisiasa, na wengine walisema Ebola ni biashara. Katika mji wenye kumbukumbu hiyo, ukichapisha idadi zilizotikiswa bila kusema, siku itakapojulikana hutaaminiwa tena. Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kuificha: anayeijua fomula na epsiloni bado hawezi kumfikia mtu. Weka maneno kama haya chini ya kila jedwali, na msemaji wa redio ayasome pia:

> *Idadi hizi zimebadilishwa kidogo kwa makusudi ili mgonjwa yeyote asitambulike. Kila idadi inaweza kuwa juu au chini ya ile halisi kwa takriban watu 6. Mabadiliko yamefanywa kwa bahati nasibu, bila kupendelea juu wala chini (epsiloni 0.5). Timu za matibabu zinatumia idadi kamili.*

Mtu akiuliza kwa nini jedwali linasema 2 ilhali mtaani kwao hakuna aliyeugua, usijaribu kulitetea jedwali. Mjibu kwamba 2 yenye kosa la 6 inaweza kuwa sifuri, na kwamba siku atakapougua yeye, jirani yake hatapata uhakika katika karatasi hiyo.

> ORODHA YA UKAGUZI KABLA YA KUTOA JEDWALI
> ☐ Tumeamua kama "mmoja" ni mtu au kaya.
> ☐ Kila mmoja yumo katika kapu moja. Kama sivyo, epsiloni imegawanywa.
> ☐ Safu na mistari ilichorwa kabla ya kuona idadi.
> ☐ Vyumba vingi vinatarajiwa kuzidi 20.
> ☐ Kelele imechotwa mara moja, imebandikwa kama namba, na safu yake imefutwa.
> ☐ Hakuna jumla kamili wala maelezo ya mtu mmoja mmoja kando ya jedwali.
> ☐ Matumizi yameandikwa daftarini na hayajapita kikomo.
> ☐ Maneno ya maelezo yapo chini ya jedwali, pamoja na epsiloni na kiasi cha kosa.
> ☐ Mtu wa pili ofisini, ambaye hakutengeneza jedwali, amejaribu kutoa jedwali la wiki iliyopita kwenye la wiki hii na hakumpata mtu.